Hasira za Watu wa Benchi

Kazi yenyewe ukisimuliwa ni nyepesi, ndiyo maana hakuna aliyenipa pole. Watu waliotibiwa kwenye zahanati ya Mbamba Bay walituma maoni yao kwa ujumbe wa simu. Mimi niliyapokea huku Mbinga, nyuma ya kaunta ya duka la dawa, nikayasoma moja moja na kuamua aliyeandika alikuwa na hali gani moyoni: furaha, kawaida, huzuni au hasira. Jioni kabla ya kufunga duka nilijumlisha, nikatuma muhtasari kwenye simu ya mapokezi kule ziwani, ili dada wa mapokezi akifungua mlango asubuhi ajue watu wa jana waliondoka wakiwaje. Basi, hiyo ndiyo kazi. Ilininyima raha kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya, na mpaka leo nikifungua madaftari yangu ya wakati ule naona nimeandika swali lile lile kila baada ya kurasa chache: mimi ni nani hata nipime moyo wa mtu nisiyemwona?

Niliishia darasa la saba. Daktari alinichukua dukani kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na kwa sababu, alivyosema mwenyewe, sina mdomo. Daktari tulimwita hivyo kwa heshima tu. Alikuwa ametumikia serikali miaka mingi akiwa mganga msaidizi, na watu binafsi waliporuhusiwa tena kufungua zahanati, alipostaafu akafungua yake kule chini ziwani, na duka la dawa huku juu mjini. Nimtendee haki: wapo waliotibiwa bure pale, na hakuwahi kutamba. Ila alikuwa mtu wa semina. Akienda Songea semina, tulijua akirudi kuna jambo jipya.

Safari hiyo alirudi na jambo la maoni.

"Sanduku la maoni limepitwa na wakati," alituambia. "Mtu anaogopa kuonekana akitumbukiza karatasi. Sasa simu zimejaa. Aandike akiwa kwake, mimi nijue moyo wake."

Namba ya simu ikapakwa rangi ukutani pale zahanati, juu ya benchi la kungojea. Simu yenyewe nikakabidhiwa mimi, kwanza kwa sababu mtandao wa Mbinga ulikuwa afadhali kuliko wa ziwani, na pili, hili alilisema kwa sauti ya chini, ili yule wa mapokezi asije akafuta yanayomsema yeye.

Muhtasari ulikuwa na masharti yake. Uwe ujumbe mmoja tu. Simu zile za zamani, ukizidisha herufi, ujumbe unakatika vipande viwili, na mtandao wa kule ulikuwa na tabia ya kufikisha kipande cha pili kwanza, au kutokifikisha kabisa. Basi ndani ya ujumbe mmoja ilibidi nianze na Tumsifu Yesu Kristo, habari za jioni, kwa kuwa Daktari hakukubali kitu chochote kitoke kwake bila salamu. Kisha idadi ya kila hali. Kisha neno moja la mgonjwa, lile lililogusa zaidi siku hiyo. Mwisho, poleni na kazi. Nafasi ikawa imekwisha. Nakala ilikwenda kwa Daktari.

Dada wa mapokezi alijibu kila jioni kwa neno moja: Nimepokea.

Yeye ni mtu wa ziwani hasa, Mnyasa, mkubwa kwangu kwa miaka kadhaa. Tulikuwa hatujaonana. Mara moja moja alinipigia kuuliza dawa ipi iko dukani, na ndipo nilipojua ana maneno.

"Mdogo wangu, leo umenipelekea hasira tano. Nizipike na nini?"

"Dada, si zangu. Ni za watu."

"Najua. Nauliza tu mboga."

Mwanzoni tulicheka. Lakini hasira zilizidi kupanda. Ilifika wiki ambayo furaha na kawaida zote hazikufikia hata nusu ya hasira. Na hizo hasira zilikuwa na makali. Mtu aliandika kwamba amewekwa benchini kama gunia la usipa, dagaa wa kule ziwani, afadhali usipa ambao angalau hugeuzwa jua likizidi. Mwingine akauliza kama pale ni zahanati au ni gati, maana gatini nako watu hungoja meli isiyojulikana itakuja lini. Maneno kama hayo ukiyasoma huwezi kuandika kawaida. Niliyasoma mara tatu tatu nikitafuta upole ndani yake, sikuuona. Na kwa kuwa yaligusa zaidi, ndiyo niliyoyaweka kwenye muhtasari.

Nilikuwa na sheria yangu moja ambayo hakuna aliyeniwekea: sikutazama namba ya aliyetuma. Nilifungua ujumbe haraka, macho chini kwenye maneno. Niliogopa nikiijua namba nitaanza kusema, ah, huyu tena, halafu nimpunguzie uzito. Niliona hiyo ndiyo haki.

Siku moja Daktari alisimama kaunta akisoma nakala kwenye simu yake, miwani puani.

"Binti, huyu dada wa mapokezi ana nini na watu?"

"Sijui, Daktari. Hawamsemi yeye. Wanasema benchi."

"Benchi ni la nani? Si la mapokezi? Muhtasari unakwenda wapi? Si mapokezi? Basi hasira ni za mapokezi." Akavua miwani. "Nampa mwezi huu. Hasira zisiposhuka, namleta mpwa wangu kutoka Mkumbi. Amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani anachuma kahawa tu."

Nilitaka kusema kwamba mimi nimeambiwa nipime moyo, sikuambiwa nipime kosa ni la nani. Sina mdomo, kama alivyosema. Nilipendekeza tu niongeze neno moja baada ya kila hali: hasira ya nini, huzuni ya nini.

"Utaliweka wapi? Ujumbe umejaa."

"Tukipunguza salamu, Daktari..."

Aliniangalia kama nimependekeza tuezue bati la duka. "Unaingiaje kwa mtu bila kubisha hodi?"

Nilimpigia dada mchana uliofuata, nikamwambia kila kitu. Sikujua kama ni uungwana kumwambia au ni kumtia hofu bure, lakini niliona si haki watu wawili tujue jambo lake na yeye asijue. Nikasikia mtoto analia karibu yake, na mtu anakohoa.

"Hapa nina watoto wawili shule," akasema. "Na mama mzazi." Kisha sauti yake ikabadilika. "Mdogo wangu, hebu niambie. Hao wenye hasira ni akina nani? Maana hapa mlangoni wanatoka wakiniaga vizuri. Wengine wameniletea muhogo."

"Siangalii namba, dada."

"Huangalii?"

"Ili niwe wa haki."

"Haya. Sasa iangalie, ili niwe na kazi."

Nikaangalia. Nilikaa juu ya boksi la chupa za maji ya chumvi nikashuka nayo orodha ile tangu juu mpaka chini. Hasira zile karibu zote zilitoka kwenye namba moja. Wagonjwa mbalimbali, siku mbalimbali, mmoja mama mjamzito, mmoja mvuvi mwenye jipu, mmoja babu wa macho. Namba ile ile.

Nilipomsomea namba hiyo, dada alicheka mpaka akakohoa. "Huyo ni mzee wa duka! Mzee wa duka la pale karibu na gati. Mdogo wangu, wewe ulifikiri watu wote wa huku wana simu?"

Nilishuka Mbamba Bay Jumapili baada ya misa, nimepewa nafasi mbele kwenye lori la saruji. Daktari nilimwambia nakwenda kusalimia. Sikupenda kumdanganya, lakini nilimsalimia kweli kila niliyekutana naye, kwa hiyo sijui kama ulikuwa uongo.

Mzee wa duka alikuwa mtu wa pwani kwa asili, wa upande wa Kilwa, amekuja ziwani kijana akaoa Mnyasa na hakurudi tena. Kofia safi, ndevu za kijivu, sabuni na nyavu zimepangwa nyuma yake. Dada wa mapokezi alinipeleka mwenyewe. Ni mwanamke mrefu, mwembamba, anatembea kama anayekimbilia mahali bila kutaka ijulikane.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ndiye msomaji wangu?"

Alifurahi kabisa. Alinivutia kigoda. Nikaona kumbe mtu huyu alikuwa akimwandikia mtu kwa muda wote huo, na huyo mtu ni mimi.

Akanieleza bila kuficha chochote. Watu hutoka zahanati wakapita kwake kununua chumvi au mafuta ya taa. Hawana simu, au wanayo na kuandika hawawezi, au Kiswahili cha kuandika kinawatia aibu. Humwambia kwa Kinyasa lililowapata. Yeye huandika.

"Na wanasema hivyo? Gunia la usipa?" nikauliza.

"Hapana! Wao husema, 'tulikaa sana.' Basi. Mtu ametoka alfajiri na homa, amekaa mpaka jua la utosi, kisha anaambiwa kipimo hakuna leo, njoo siku ya mtu wa maabara. Nikimuuliza, anasema, 'tulikaa sana, lakini si neno.' Sasa mwanangu, nikikuandikia 'tulikaa sana, lakini si neno', wewe kule Mbinga utafanya nini?"

"Nitaandika kawaida."

"Na huyo daktari wenu akiona kawaida atafanya nini?"

"Hakuna."

"Ndiyo maana natia pilipili," akasema.

Dada alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. "Mzee wangu, pilipili yako inaniunguza mimi. Mwisho wa mwezi natoka."

Mzee akamgeukia. Naamini hakuwa akijua. Uso wake haukuwa wa kuigiza. "Wewe? Kwa nini wewe? Mimi nasema habari ya kipimo!"

"Kule haifiki ya kipimo," dada akasema. "Inafika hasira tu. Na inafika kwangu."

Wote wawili wakaniangalia. Nilitamani lile lori liwe bado lipo. Nilieleza habari ya ujumbe mmoja, herufi zinazokatika, salamu, neno moja lililogusa zaidi. Nilipokuwa naeleza, niliona kila neno ni la kweli na jumla yake haina maana.

Benchi nililiona pia, zahanati ikiwa imefungwa. Namba yetu iko juu yake, rangi nyekundu. Ndani, chumba cha maabara kilikuwa na kufuli, na darubini imefunikwa kitambaa, unaiona dirishani. Mtu wa maabara alikuja siku mbili kwa wiki. Siku nyingine dada alikuwa na kazi ya kuwaambia watu wenye homa wasubiri muuguzi, na muuguzi alikuwa mmoja tu, na pengine yuko na mama anayejifungua. Sasa dada afanye nini? Awapepee?

Tukakubaliana hivi, na wazo lilikuwa langu, kwa hiyo lawama pia ni yangu: mzee aandike kama watu wanavyosema. Maneno yao, si yake. Mzee hakupenda. Alisema ni kama kumwambia mpishi achemshe tu. Lakini alimwangalia dada, akakubali.

Mwezi ukaisha vizuri mno. Tulikaa sana lakini si neno. Tunashukuru, tutarudi siku ya kipimo. Mtoto bado ana joto, Mungu atasaidia. Nilizitazama jumbe hizo na kalamu mkononi, kawaida, kawaida, furaha, kwa sababu mtu akishukuru utamwitaje? Hasira zikashuka zikawa moja, siku nyingine hakuna.

Daktari aliingia dukani anapiga mluzi.

"Umeona? Amenyooka! Mtu ni mtu, akijua anatazamwa." Mpwa wake aendelee na kahawa, akasema. Halafu, huku akipanga risiti: "Na kwa kuwa watu wameridhika, huyu wa maabara aje siku moja. Mbili zilikuwa nyingi."

Nilisema, "Daktari, watu hawajaridhika. Wana adabu tu."

"Umeandika mwenyewe. Kawaida. Furaha. Au uliandika uongo?"

Hapo ndipo aliponishika. Sikuandika uongo. Kila ujumbe niliupima kwa haki, mmoja mmoja, na ningesimama mahakamani ningeutetea. Jioni ile niliandika kwenye daftari langu kwamba nina hasira, halafu nikakaa nikijiuliza kama ni hasira kweli au ni huzuni, ndivyo kazi ilivyokuwa imeniharibu.

Sikumpigia dada. Niliona aibu. Alinipigia yeye.

"Mdogo wangu, kazi nimebaki nayo. Asante. Sasa nakaa na watu wenye homa siku tano badala ya nne, wananishukuru. Jana mama mmoja amenishukuru, mtoto mgongoni amelegea kama kitambaa. Tumempakia kwenye gari la samaki kuja Mbinga. Amefika?"

Nilikuwa nimesikia. Alifika, wakampima hospitali, wakamlaza. Nilimwambia.

"Afadhali," akasema. Akakata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Siku mbili baadaye, alasiri, ujumbe ukaingia kutoka namba ya mzee wa duka. Ulisema hivi:

"Nakaa mezani hapa kama bawabu wa chumba kilichofungwa. Watu wananiletea moto mikononi, mimi nawagawia siku. Darubini imefunikwa kitambaa kama maiti. Ifunueni, au fungeni na mlango wa mbele tujue moja."

Nilijua ni mkono wa mzee, na nilijua ni mdomo wa nani. Hakuna mgonjwa anayekaa mezani. Dada alikuwa amekwenda mwenyewe dukani kwa mzee, akakaa kwenye kile kigoda, akasema, na safari hii akaruhusu pilipili itiwe.

Nilipitia hali zote nne. Huzuni ilikuwemo, naapa ilikuwemo. Ningeandika huzuni hakuna ambaye angenilaumu, na Daktari asingeshtuka. Nikiandika hasira, mpwa wa Mkumbi anaweza kufunga sanduku lake. Lakini mwenye kazi ndiye aliyeituma. Alijua inafika wapi na inasomwaje. Aliijua njia hiyo kuliko sisi wote. Mimi nimlinde dhidi ya maneno yake mwenyewe, kwa ruhusa ya nani?

Nikaandika hasira. Halafu nikafanya jambo ambalo sikuwa nimeruhusiwa. Nilifuta Tumsifu Yesu Kristo. Nikafuta habari za jioni, nikafuta poleni na kazi. Nafasi iliyopatikana ilinishangaza. Nikaandika: hasira, kipimo hakuna. Kawaida tatu, zote wamekaa sana, kipimo hakuna. Furaha moja, anashukuru, kipimo hakuna. Na maneno yale ya darubini, yote mpaka kitambaa. Nikahesabu herufi kwa kidole. Ujumbe mmoja. Nikatuma ziwani, nikatuma nakala kwa Daktari, nikaanza kufunga madirisha ya duka.

Simu ikaita kabla sijamaliza la pili.

"Binti! Siku hizi hatusalimiani?"

"Tumsifu Yesu Kristo, Daktari."

"Milele amina. Ujumbe gani huu mkavu? Kama telegramu ya msiba!"

"Nafasi ilikuwa ndogo."

Akaguna. Nikasikia anausoma tena, midomo inasogea. Nilisubiri aulize ni nani aliyesema vile, nikawa nimeshaamua kwamba sitasema. Hakuuliza.

"Kipimo," akasema. "Kipimo kina nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza, tangu namba ile ipakwe ukutani, aulize kitu ambacho si idadi. Nilimwambia, nimesimama, dirisha nusu wazi: homa, kufuli, benchi, mtoto aliyepakiwa gari la samaki. Nilimwambia pia kwamba nilikwenda ziwani si kwa kusalimia tu. Alinisikiliza. Alinigombeza kwa lile la salamu kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na kwa lile la safari kidogo tu. Mtu wa maabara alirudishiwa siku yake ya pili, na baadaye akaongezwa ya tatu. Sidai ni kwa sababu yangu. Huenda hospitali nao walimwambia jambo kuhusu yule mtoto, maana aliwajua wote pale. Mpwa wake aliolewa mwaka uliofuata, Litumbandyosi.

Muhtasari ukarudishiwa salamu, kwa amri. Nikapewa ruhusa ya neno moja baada ya kila hali, ikiwa nafasi itatosha. Haikutosha kila siku.

Lakini jioni ile, baada ya Daktari kukata simu, nilisimama dukani nikingoja jibu la mapokezi. Mtandao wa ziwani ulichelewa kama kawaida yake. Nilishafunga na mlango ndipo simu ilipotikisika mfukoni.

Nimepokea, dada alikuwa ameandika. Na chini yake: Salamu pia nimezipokea.